Fimbo Kumi za Mwanamke Aliyesusa

Alipoiona karata ya sita akainuka kutafuta viatu.

"Basi narudi," akasema. "Narudi leo leo, kabla ya magharibi."

Ilikuwa Vikombe Viwili. Mwanamume na mwanamke wamesimama uso kwa uso, kila mmoja kashika kikombe chake, mwanamume kanyoosha mkono kuelekea kwa mwenziwe, na baina yao, juu kidogo, kichwa cha simba chenye mabawa. Hakuna msomaji wa taroti atakayeitoa karata hii kwa mke aliyegombana na mumewe akakunja uso, nami sikukunja. Nilimwambia akae kwanza, chai yake haijanywewa.

Akakaa, viatu vimo mkononi.

Tangu siku ile jambo hili limenikaa kichwani. Karata ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Kinachonisumbua ni ule mwinuko wake: karata tano alizipita kama mtu anayepita barazani kwa watu asiowajua, akaikimbilia ya sita.

Kabla hujanifungia mlango

Najua ninaandika nikiwa wapi. Ninakaa Kikwajuni, adhana naisikia kutoka pande tatu, na hadithi ya Sahihi Muslim ya mwenye kumwendea mwaguzi akamuuliza jambo, sala yake isikubaliwe masiku arubaini, nimesomeshwa chuoni nikiwa na miaka tisa. Anayeona hata kuzigusa karata hizi ni haramu simbishii, na sitamwita msomaji wangu mjinga kwa hilo.

Ninachofanya mimi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Anayetazamia kwa falaki hapa kwetu hulichukua jina lako na la mama yako, akayageuza herufi kuwa hesabu, akaitafuta nyota yako, na wewe umekaa kimya unangoja jawabu. Kwenye taroti, ninavyoifanya, mwenye maneno mengi ni yule aliyekuja. Mimi naweka picha, yeye anazungumza. Ya kesho siyajui na nikiulizwa nasema siyajui. Hata karata zenyewe zilizaliwa kama mchezo tu, Italia ya kaskazini, karne ya 15; mambo ya kutazamia yalikuja kushika Ufaransa karne ya 18. Hizi zangu ni za mchoro wa Pamela Colman Smith, uliotoka London mwaka 1909, na nilizikuta zimeachwa na mgeni katika chumba tulichokuwa tukikodisha Jambiani.

Bibie mwenyewe kaniruhusu kuandika. Mambo mawili matatu nimeyageuza asijulikane.

Nilivyozitandaza

Ugomvi wa nyumba naupangia karata sita juu ya mkeka. Ya kwanza kushoto, ni yeye muulizaji. Ya pili kulia, ni yule waliyegombana. Ya tatu katikati yao, ugomvi wenyewe. Ya nne chini, kinachoulisha ugomvi. Ya tano juu, watu wa nyumba: wakwe, mawifi, wazazi, yeyote mwenye sauti ukumbini. Ya sita naiweka pembeni kabisa, na nafasi yake naiita "kinachowezekana". Siiiti mwisho. Vitabu vingi huiita matokeo, na hapo ndipo watu wanapoinuka kutafuta viatu.

Kwake zilitoka hivi: Mapanga Mawili, Mtu wa Kuning'inia, Mapanga Matano, Fimbo Kumi, Sarafu Kumi, Vikombe Viwili.

Anayecheza karata za kawaida hatapotea. Kopa ndiyo vikombe, uru ndiyo sarafu, shupaza ndiyo mapanga, pau ndiyo fimbo. Zaidi ya hayo makundi manne kuna karata kubwa 22 zenye majina yao, na jumla ni 78. Katika sita zake kubwa ilikuwa moja tu, ile ya mume. Zikitoka kubwa nyingi, msomaji hulichukulia jambo kuwa zito, la kugeuza maisha. Zikitoka ndogo nyingi namna hii, basi ni mambo ya kila siku, yamo mikononi mwa watu na yanaweza kupangwa upya.

Jambo la pili nililolitazama kabla sijasoma hata moja ni vikombe viko wapi. Vikombe ni mapenzi, huruma, mambo ya moyo. Kushoto hakuna. Katikati hakuna. Chini na juu hakuna. Vipo pale pembeni tu. Wawili wanaopigania penzi hutoa vikombe kila mahali, vingine vimemwagika. Huu ulikuwa ugomvi wa mapanga, fimbo na sarafu: maneno, kazi, nyumba.

Mume aliyening'inia

Alipoiona karata ya mumewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Mtu kafungwa mguu mmoja kwenye mti, kichwa chini, mguu wa pili kaukunja, mikono nyuma. Na uso wake umetulia, una mwanga kuuzunguka kichwa, kama mtu anayepunga upepo.

"Ndiye!" akasema. "Wallahi ndiye. Mama huku, mke huku, yeye kaning'inia hata jasho halimtoki."

(Karata zilizopinduka mimi sizisomi kivyake, nazigeuza tu. Hii huwachanganya watu kila mara, maana ukiigeuza sawasawa ndiyo kichwa kinakuwa chini.)

Hapa kuna mpaka ambao msomaji hana budi kuusema kwa sauti, nami niliusema. Karata ya nafasi ya pili si mume. Ni mume anavyoonekana kutoka pale alipokaa mkewe. Mume hakuwepo, hakuchanganya karata, hakuulizwa. Pengine kutoka kwake yeye, utulivu ule ni mtu aliyebanwa hata pumzi hatoi. Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke. Mimi nilikuwa na upande mmoja tu juu ya mkeka, na msomaji anayeisahau hali hiyo huanza kuhukumu watu ambao hajawahi kuwaona.

Karata yake yeye haikuwa na mzaha. Mapanga Mawili: mwanamke kafungwa kitambaa machoni, kakumbatia mapanga mawili kifuani, bahari nyuma yake. Alikuwa kwao Jang'ombe, simu kaizima, wazee wake hajawaeleza jambo zima. Nilimuuliza kitambaa kafungwa na nani. Katika mchoro mikono yake imeshughulika na mapanga, hawezi kukifungua mpaka aweke moja chini.

Hakujibu, akataka tuendelee.

Nani kashika mapanga

Mapanga Matano ni mtu mbele kashika mapanga matatu, anatabasamu, na nyuma yake wawili wanaondoka kuelekea majini, migongo imetupa. Mawili mengine yamelala chini.

"Huyu mavyaa," akasema, kidole juu ya mwenye tabasamu.

Usiku wa ugomvi mavyaa alimwambia mbele ya wageni kwamba nyumba yake ilikuwa safi mpaka alipokuja mwanamke asiyejua kufagia. Naye akajibu: "Mimi si mtumishi wako." Mumewe akasema, "Muombe mama radhi." Hakuomba. Akachukua mtoto na begi.

Nilimuuliza yeye ni nani katika picha. Akasema wale wanaoondoka. Sawa. Lakini neno lile la mtumishi, mbele ya wageni, nalo ni panga, na mtupaji hakuwa mavyaa. Karata hii ukiipa watu majina haraka unaharibu. Kila aliyetoka kwenye ugomvi mkali huwa kawahi kuwa pale mbele angalau kwa dakika moja. Nilimwacha aitazame. Baada ya muda akasema, kwa sauti ndogo, "Wageni walikuwa mashoga zake wa maulidi." Basi alijua kamkata wapi.

Zitaje

Sasa ile ya chini.

Fimbo Kumi ni mtu kainama, kakumbatia fimbo kumi ndefu, uso umezama ndani yake. Mbele yake kuna nyumba. Anakwenda nyumbani, lakini kwa alivyozibeba hawezi kuiona.

Wasomaji wengi wakifika hapa husema, "Umebeba mizigo mingi, dada," mwenzao akalia, wakaendelea. Kulia kuna faida yake, lakini mizigo mingi kila mtu anayo, na mtu hawezi kurudi kwake kujadiliana juu ya "mizigo mingi". Mimi humwambia mtu azihesabu. Kumi ni idadi, haikuwekwa pale kwa pambo. Nilimpa karatasi na peni nikamwambia ataje fimbo moja moja, kwa jina la kazi, saa yake, na aliyempa.

Akaandika. Kuamka usiku maji yanapotoka, kujaza mapipa. Kukuna nazi kila siku, maana mavyaa hali mchuzi wa nazi ya pakiti. Kumuogesha mavyaa tangu alipoanguka akaumia nyonga. Dawa zake za presha asubuhi na usiku. Kumpeleka mtoto chuoni. Kufua. Kupika cha mchana kabla hajatoka kwenda kazini kwake, skuli. Ya nane ilikuwa vyombo.

"Vyombo vya nani?"

"Vya wifi."

Wifi anakaa mtaa wa pili. Kila jioni huja kumtazama mama yake, na watoto wanne. Wanakula, wanaacha sahani kwenye beseni uani, wanaondoka. Yeye anarudi kutoka darasa la jioni, anazikuta, wali umeshagandia.

Hapo peni ikasimama. Ya tisa na ya kumi hazikuja.

Nikamwambia aweke alama kwenye zile alizozichukua mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Akaweka mbili: dawa na kumuogesha. Nilidhani ndizo zitakazokuwa nzito, kwa sababu ndizo za mavyaa hasa, na ugomvi wote unatajwa kwa jina la mavyaa. "Kumuogesha hakunikeri," akasema. "Tukiwa msalani ananihadithia mambo ya zamani, ananicheka. Saa ile ndiyo tunapatana."

Akairudia ile ya nane akaikandamiza kwa peni mpaka karatasi ikatoboka.

Hapa ndipo mtandazo wote ulipogeuka. Alikuja kwangu na kesi ya mkwe. Kumbe fimbo iliyomvunja mgongo ni sahani za mtu ambaye jina lake halikutajwa hata mara moja katika ugomvi. Wifi usiku ule hakuwepo. Mavyaa aliposema nyumba chafu alikuwa anatazama beseni lile uani, na yeye alipojibu "mimi si mtumishi" alikuwa anatazama beseni hilo hilo. Kila mmoja akadhani mwenziwe anamsema yeye.

Mzee aliye mbele

Sarafu Kumi ndiyo karata ya ukoo, na ukiitazama ovyo utaona utajiri tu. Tazama watu walivyopangwa. Mbele kabisa kakaa mzee, vazi lake limenakshiwa, mbwa wawili weupe miguuni. Mke na mume wako nyuma yake, chini ya tao la lango, na mtoto pembeni ya nguo ya mama. Mzee yuko karibu nasi kuliko wote, lakini kakaa upande, hakuna anayemkabili isipokuwa mbwa, na mtoto anayewagusa.

Bibie aliisoma mwenyewe, sikumsaidia. Akasema mavyaa tangu aumie nyonga hawezi kwenda uani. Anakaa ukumbini, watu wanapita. Anachokiona kupitia mlango wa nyuma ni beseni.

Ninaipenda karata hii kwa wakwe kwa sababu haimfanyi mzee kuwa adui wala malaika. Inaonyesha tu kwamba nyumba ile ni yake, na wengine wanaishi langoni mwake. Fimbo nyingine zitashushwa kwa maneno, lakini hili halishuki: kama nyumba ni ya mavyaa, kila anachokifanya mke humo kitatazamwa. Nilimuuliza kama wana uwezo wa kupanga pengine. Hawana, si mwaka huu. Basi tukaliacha.

Nyumba ile ndogo nyuma

Ndipo nikairudia ya sita, viatu keshaviweka chini.

Kumi mbili katika mtandazo mmoja, ya kazi na ya ukoo, zinasema kitu kimejaa mpaka pomoni. Vikombe Viwili haviondoi hata fimbo moja. Ukiisoma peke yake inasema rudini mpendane, na ningemwacha aende magharibi ile, angelakiwa kwa machozi, wangekula pamoja, na beseni lingekuwa uani.

Lakini ukiisoma pamoja na zile mbili kuna kitu cha kushika. Angalia nyumba. Katika Fimbo Kumi nyumba iko mbele na mbebaji haioni. Katika Sarafu Kumi wamo langoni. Katika Vikombe Viwili nyumba ipo, ndogo, mbali kilimani, nyuma ya migongo yao. Wale wawili wanakutana nje. Hakuna mzee, hakuna wifi, hakuna mtoto. Na kila mmoja kaja na kikombe chake.

Nikamwambia ninachokiona: kwanza mkutane wawili, nje ya nyumba ile na nje ya kwenu. Kikombe chako ni neno la mtumishi, ulifute. Na uende na fimbo moja. Ukienda na nane atasikia lawama, ataning'inia.

Wazee walishaanza

Wakati huo pande zote mbili wazee walikwisha panga kukaa. Nawaheshimu, na kuna kesi ambazo bila wao zingeishia kwa kadhi. Ila nimehudhuria vikao vya suluhu vya kutosha kujua vinavyokwenda: fatiha, nasaha, "mwanangu subiri, nyumba ni kuvumiliana," mume anaambiwa amtunze mkewe, mke anaambiwa amheshimu mkwewe, kahawa. Wanaisoma karata ya sita tu. Sijawahi kusikia mzee mwanamume akiuliza vyombo vya jioni anaosha nani.

Shangazi yake mmoja alikuja na hoja ya pili, ya sheria. Kwamba kwa Mashafii, ambao ndio sisi wengi, kupika na kufua si wajibu wa mke, na kumhudumia mama wa mume ni hisani yake tu. Ni kweli, wanazuoni wa madhehebu yetu wengi ndivyo walivyosema. Lakini angeingia nayo kwa mavyaa angekuwa kaokota yale mapanga mawili yaliyolala chini. Na zaidi, ingemlazimu aikane ile kazi ya kumuogesha, ambayo anaipenda.

Walivyokutana

Walikutana kwa mama yake mdogo, Mazizini, mwenye nyumba kaenda kazini. Haya nimehadithiwa na yeye, kwa hiyo ni upande mmoja tena.

Alianza na neno la mtumishi. Akasema ataliomba radhi kwa mavyaa, na kwa wageni wale wale, si faraghani. Kisha akataja vyombo.

"Mbona hukunambia?"

"Nilikwambia. Ukasema mambo ya wanawake."

Mume akanyamaza, halafu akasema hakujua kuwa wifi anaacha vyombo, kwa sababu akirudi yeye vimeshaoshwa. Akasema atazungumza na dadake. Bibie akamwambia, "Leo, na mimi nisiwepo." Hilo la "nisiwepo" sikumfundisha mimi, na naliona ndilo lililoiokoa kazi nzima. Angekuwepo, wifi angesema katumwa.

Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya kusikia kutoka kwa mavyaa mwenyewe, kwa simu, kwamba wifi kaja, watoto wameosha sahani zao na kulia juu. Mavyaa alimalizia kwa kumuuliza atarudi lini, maana anayemuogesha sasa anamsugua kama sufuria.

Wifi hamsalimii. Huja, hukaa na mama yake, huosha, huondoka bila kutazama jikoni. Mashoga wa maulidi wamegawanyika. Nazi bado inakunwa kila siku, na maji bado ni ya usiku, ila mapipa mawili anajaza mume. Sijui kama hilo litadumu, nimeshaona wanaume wakishika ndoo kwa wiki mbili.

Juzi mume kaniletea ujumbe. Kasikia kuwa nilimtoa kaning'inia, naye anataka kujua ni vipi. Nimemjibu kwamba karata ile si yake, ni ya mkewe, na siwezi kumsomea. Akitaka aje, akae kushoto, achanganye mwenyewe, na nafasi ya pili itakuwa ya mkewe. Aje na karatasi na peni. Ile ya mkewe ninayo, lakini sitamwonyesha.

Kasema atakuja Ijumaa, baada ya sala. Mama yake hajui.